Ombi la Dada Halifiki

Msusi aliweka rimoti ya gemu mapajani, akavimba kwa hasira. Dada yake, ambaye walikuwa wamenuniana mwezi mzima, alikuwa ameahidi kwamba leo watacheza gemu ya mpira pamoja mtandaoni, kila mtu kwake. Saa nzima imepita, hakuna ombi la urafiki wala mwaliko wa kundi la kuchezea.

"Si useme tu bado una kinyongo," alimwambia kwenye simu.

"Kinyongo gani, mdogo wangu? Ombi nimetuma mara tatu! Labda intaneti yako."

"Ingekuwa mbovu, ningeweza kucheza na watu tangu asubuhi?"

"Basi angalia mipangilio ya faragha. Nani anaruhusiwa kukuomba urafiki?"

Msusi akafungua, akasoma, akashika mdomo. "Hakuna mtu." Aliweka hivyo mwenyewe, siku aliyochoshwa na matusi ya watu asiowajua.

"Yaani umefunga mlango, halafu unanilaumu sipigi hodi!"

Akabadilisha ikawa "Yeyote". "Haya, tuma tena."

Ombi likaingia papo hapo. Akalikubali, mwaliko wa kundi ukafuata, na sauti ya dada ikajaa sebuleni: "Umejiandaa kulia nikikufunga?"

"Ngoja kwanza nikupe umbea wa saluni."