Kilemba cha Gunia

Nilichokiona kwanza ghalani ni vilemba. Kila gunia lilikuwa limejazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa juu wavu uliojaa mahindi, kama kilemba, na kushonwa kwa kamba. Mnunuzi wa Morogoro hulipa kwa gunia, na lisilo na kilemba halitaki.

Yalikuwa magunia themanini ya mahindi, ya kikundi chetu cha Mlali. Kumi na manne yalikuwa ya Mama Ruthu. Mumewe, Mzee Cornel, alipangiwa upasuaji Ijumaa, na pesa ya hospitali ilikuwa ndani ya magunia yale.

Niliishia darasa la tano, lakini naandika vizuri, kwa hiyo katibu wetu, Thobias, alinipa simu niombe bei kwa kampuni ya malori.

"Wanataka uzito, njia na tarehe," nikasema.

"Andika Mlali hadi Morogoro kupitia Kibaigwa. Kupakia Jumanne, tarehe mbili Desemba. Uzito tani nane."

"Kaka Thobias, haya yana vilemba."

"Gunia ni kilo mia tangu enzi za babu yako. Au darasa la tano siku hizi wanafundisha mizani?"

Wanaume wakacheka. Nikaandika tani nane.

Jibu lilikuja mchana: Fuso moja ya tani nane, bei hii, inadumu siku saba. Chini waliandika kwamba uzito ukizidi uliotajwa, faini na gharama za kushusha ni juu ya mwenye mzigo. Nikamsomea Thobias yote.

"Wajibu tumekubali," akasema.

Nikajibu Jumatatu jioni.

Jumanne Mama Ruthu alichelewa kwa sababu ya kumwogesha mgonjwa, hivyo magunia yake yakapanda juu kabisa, ya mwisho.

"Mwanangu, yatafika?" akaniuliza.

"Yatafika, mama."

Kwenye mizani ya barabarani gari lilionekana limezidi zaidi ya tani mbili. Likazuiwa mpaka mzigo upunguzwe. Dereva, Swalihu, akapiga simu, akashusha magunia kumi na manane kando ya lami, akaanza na ya juu. Kabla hatujapata gari la kuyafuata, mvua ilinyesha usiku kucha, na kesho yake tena. Tulipofika Alhamisi, mahindi yalikuwa yamevimba na kunuka. Yaliyofika Morogoro, mnunuzi alilipa baada ya kukata faini aliyomrudishia dereva.

Ijumaa ikapita. Mzee Cornel tulimzika kabla ya Krismasi.

Msibani Thobias alisema ni mipango ya Mungu. Mama Ruthu alinishika mkono, akanishukuru kwa kuhangaika na simu. Nilitazama chini.

Mama Ruthu, gunia lako moja nililipima Jumatatu, ghalani, nikiwa peke yangu. Lilikuwa kilo mia na thelathini na mbili. Nilijua kabla sijajibu.