Salamu Zilizokwama

Fundi wa lifti hufanya kazi katikati ya watu bila kuonana nao. Wao wanapanda lifti nzima, yeye yumo shimoni mwa ile mbovu, akisikia vicheko vyao vikipita nyuma ya ukuta. Ndivyo alivyoishi fundi wetu tangu ahamie ugenini. Mchana husikia vicheko vya wenzake, jioni hurudi kwenye chumba cha kupanga akapasha moto kilichobaki jana.

Si kwamba hakuwa na watu. Alikuwa na kaka, tena kaka aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Ila mama yao alipofariki naye, fundi alishindwa kusafiri kwenda kumzika, na tangu hapo mazungumzo ya ndugu hawa yakapungua mpaka yakabaki ya shemeji peke yake. Shemeji akisema, "Kaka yako anakusalimu," fundi alijua fika kwamba kaka hajafungua mdomo. Basi kila mwisho wa mwezi alimtumia shemeji vijisenti kwa simu. Kutuma pesa kulikuwa rahisi kuliko kuomba radhi.

Mara hii haikuwa vijisenti. Nyonga ya kaka ilikuwa imekufa kabisa, seremala mzima anatambaa kwenda chooni, na hospitali ilisema malipo yasipofika kabla ya Ijumaa kuisha, nafasi ya upasuaji atapewa mgonjwa mwingine. Fundi alikusanya akiba yake yote, akaituma kupitia benki moja kwa moja kwenye akaunti ya kaka.

Sasa, katika ukoo wao mdogo hamsaidii mkubwa. Ni utovu wa adabu hata kulitaja neno lenyewe. Chochote kinachotoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kiwe kuku au bati la kuezekea, kinaitwa salamu. Kwa hiyo benki ilipouliza sababu ya malipo, fundi, mtu mwenye adabu zake, aliandika: Salamu.

Ujumbe ukaja kwamba malipo yake yanakaguliwa. Akangoja. Akapiga simu, akaambiwa angoje. Subira huvuta heri, lakini Ijumaa haikuwa na subira. Ndipo akajiona mjanja: akakopa kwa msimamizi wake wa kazi, akatuma mara ya pili kwenye akaunti ileile, safari hii kwa jina ambalo mtaa mzima humwita kaka yake, Mzee Msumari. Nayo ikakwama. Jumatano akaomba ruhusa, akaenda benki na ovaroli lake la grisi.

Mhudumu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alisoma skrini kwa muda mrefu.

"Kwani kaka yangu ni mhalifu?" fundi aliuliza.

"Hapana. Jina lake linafanana na la mtu aliyewekewa vikwazo vya kimataifa. Mtambo haumjui mtu, unajua jina. Likifanana, unasimamisha malipo, kisha binadamu anakagua."

"Basi huyo binadamu akague!"

"Akague nini, ndugu yangu? Umempa majina mawili na sababu 'salamu'." Alimtazama juu ya miwani. "Salamu za kiasi hiki?"

Fundi alijaribu kueleza mambo ya kuku na bati. Yule mama alisikiliza, midomo ikimcheza kwa kicheko alichokibana.

"Halafu ukatuma tena kwa jina jingine," akasema. "Wewe umeona umerahisisha. Wao wanaona mtu anayeficha. Hii ya pili tuombe ifutwe, nami naandika maelezo yako kama ulivyonieleza."

"Na ya kwanza imepotea?"

"Haijapotea, imezuiliwa tu. Mimi siwezi kuiachia, hata meneja hawezi. Ni kazi ya kitengo cha ukaguzi. Sisi tuwape cha kumtofautisha kaka yako na yule mwingine. Jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na picha ya kitambulisho chenyewe. Tarehe na mahali alipozaliwa. Anapoishi. Uhusiano wenu. Na sababu ya kweli, pamoja na ankara ya hospitali. Wakiona huyu na yule wamezaliwa miaka tofauti, mahali tofauti, wataachia. Siku siwezi kukuahidi. Na benki ya huko ina ukaguzi wake, huenda wakamuuliza na yeye. Mwambie asipuuze." Alishika kalamu. "Kaka yako alizaliwa lini?"

Namba ya kiatu cha kaka fundi aliijua, maana alivirithi viatu vyake vyote utotoni. Mluzi wake angeutambua sokoni. Siku aliyozaliwa hakuijua, wala hakuwahi kuuliza. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Alitoka nje, akampigia shemeji kando ya mlango. Ankara shemeji alikuwa nayo.

"Lakini kitambulisho anakaa nacho mwenyewe," akasema. "Yuko hapa. Mwombe." Na kabla fundi hajasema lolote, simu ikabadilisha mkono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Benki wanataka kitambulisho chako. Kuna mtu mbaya anafanana jina na wewe."

"Mbaya kiasi gani?"

"Mbaya wa dunia nzima."

"Loo. Kumbe nimefika mbali." Fundi alicheka. Kaka hakucheka. "Mama watoto atapiga picha," alisema, akakata.

Picha ilipoingia, fundi aliitazama mpaka watu wakampita begani. Uso ulikuwa wa baba yao. Akasoma mwaka wa kuzaliwa, akapiga hesabu kichwani, akagundua kwamba siku baba alipozikwa, huyu aliyeachiwa mdogo wa kulea alikuwa bado mtoto asiye na hata udevu mmoja. Miaka yote alimdhani alizaliwa mtu mzima.

Alirudi ndani, akatoa kila kitu, na kwenye sababu akaandika: Kulipia upasuaji wa nyonga ya kaka yangu wa damu. Akaisukuma karatasi haraka, kama mtu aliyetukana.

Alhamisi ilipita bila neno. Alishinda shimoni, simu mfukoni, akiitoa hata isipolia. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Ijumaa asubuhi ujumbe ukaingia: malipo yameachiwa. Hakuthubutu kushangilia. Mchana, akiwa amekaa juu ya sanduku la vifaa anakula mkate mkavu, simu ikaita. Haikuwa namba ya shemeji.

"Zimeingia," kaka alisema. "Hospitali wameshalipwa. Jumatatu wananipasua."

"Mungu mkubwa."

"Benki ya huku nao walinipigia. Binti mmoja. Anauliza wewe ni nani wangu, na umezaliwa lini."

Fundi aliacha kutafuna. "Ukamwambia nini?"

"Nikampa tarehe. Akasema inatosha. Nikamwambia haitoshi, aandike na kwamba ilikuwa alfajiri, mvua inamwagika, kwa sababu mimi ndiye niliyekimbia pekupeku kumwita mkunga. Akasema hana pa kuandika hayo."

Lifti ya pili ilipita nyuma ya ukuta na watu wake. Fundi alingoja ipite.

"Mimi niliandika ni salamu," akasema. "Ndiyo maana wakazuia."

"Walifanya vizuri. Salamu mtu hazipeleki benki. Anapiga simu." Kaka alikohoa, lakini safari hii hakukata. "Haya. Anza upya."

"Shikamoo, kaka," fundi alisema, akauweka mkate kando.