Korosho ya Mwaka 1931

Swali lenyewe lilimchukua Mwalimu Elizabeti siku nne, na kwa siku hizo nne alichangamka mpaka wenzake ofisini wakadhani amepata uhamisho.

Alikuwa na miaka tisa akifundisha Historia katika shule ya sekondari ya kata, upande wa kwenda Msimbati. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, aliletewa barua ya kumtaka atunge swali moja la insha kwa ajili ya mtihani wa utimilifu, ule ambao kila mtu anauita moko, wa kidato cha nne wa shule zote za eneo lile. Mada aliyopewa ni sababu na athari za Mdororo Mkuu wa Uchumi, ulioikumba dunia kati ya vita kuu mbili. Alama kumi na tano.

Mada hiyo ina ugonjwa wake. Kila mwaka inaulizwa vilevile, na kila mwaka watoto wanaitapika vilevile: viwanda vya Marekani vilizalisha kupita kiasi, soko la hisa la New York likaporomoka Oktoba 1929, madeni ya vita, mabenki kufilisika, kila nchi kujifungia kwa ushuru. Yote hayo ni kweli, na yote wanayaandika kwa Kiingereza cha kukariri, bila kujua kama yaliwahi kumgusa mtu hata mmoja wa upande huu wa dunia. Jambo hilo lilimkera Elizabeti kuliko chaki mbovu.

Kwa hiyo akatunga kisa kifupi. Mwaka 1931, kibarua wa shamba la mkonge karibu na Mikindani anaambiwa na mwenye shamba kwamba bei ya mkonge huko Ulaya imeshuka chini ya nusu. Wenzake wengi wameachishwa, yeye amebakizwa kwa ujira uliokatwa, lakini kodi ya kichwa ya serikali ya kikoloni haijapungua hata senti. Mtahiniwa amweleze kibarua huyo sababu tatu za yaliyompata, kisha aeleze athari tatu za mdororo ule kwa makoloni. Aliposoma alichoandika, alijipongeza kwa sauti. Hakuwepo mtu wa kumsikia, na hilo halikumpunguzia raha.

Siku ya kuhakiki mitihani walikutana mjini, walimu sita wa Historia katika chumba kimoja chenye feni moja. Walisaini fomu ya kutunza siri, simu zikakusanywa kwenye boksi. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Stefano, mzaliwa wa Newala, mtu mcheshi aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alilisoma swali la Elizabeti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatoa kalamu nyekundu.

"Zuri sana hili, Madam. Ila mkonge, mkonge... watoto wetu nani kauona mkonge? Tuweke kitu cha mazingira yao. Mkulima wa korosho wa Newala, anapeleka korosho zake bandari ya Mtwara, anakuta bei imeanguka. Hapo hata yule wa mwisho darasani ataelewa."

"Sawasawa kabisa," alidakia Mwalimu Innocent, kijana mwenye haraka ya kwenda kula.

Elizabeti alisema, tena kwa upole, kwamba mwaka 1931 mikorosho ilikuwepo ndiyo, lakini korosho haikuwa zao la biashara la kusafirishwa. Hilo lilikuja miaka kadhaa baadaye. Na bandari ya Mtwara ilijengwa baada ya vita kuu ya pili. Mwaka huo hapakuwa na bandari.

Stefano alimtazama juu ya miwani. "Haya jamani, tumepata balaa. Mtu katoka Bukoba na kahawa yake, leo anatufundisha Wamakonde korosho! Mimi babu yangu nilimkuta kwenye mikorosho, na yeye babu yake alimkuta mulemule."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Na hapa ndipo Elizabeti alipojikwaa, maana na yeye alicheka. Alicheka kwa sababu walikuwa wanamtania kwa wema, kwa sababu wali na samaki walikuwa wanapoa chumba cha pili, na kwa sababu mgeni wa miaka tisa bado ni mgeni. Hakulisema tena. Mkonge ulifutwa, korosho ikaandikwa. Mwongozo wa kusahihisha ukatengenezwa hapohapo: hoja sita, na mojawapo ya athari ikawa kwamba bei ya korosho iliyouzwa nje ilianguka. Wote sita wakasaini. Bahasha ikafungwa kwa lakiri.

Kutoka siku hiyo mdomo wake ulikuwa umefungwa pamoja na ile bahasha.

Shuleni kwake kulikuwa na msichana anaitwa Saida, binti wa Mzee Hamisi mkulima wa mihogo na korosho. Saida alikuwa akitembea karibu saa mbili kuja shule na karibu saa mbili kurudi, akifika nyumbani anapika, anaosha vyombo, ndipo anafungua daftari. Mwaka huo shule yao ilipewa kitanda kimoja kwenye hosteli ya mjini kwa miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Kitanda, chakula, na taa ya kusomea. Sharti lilikuwa moja: msichana awe amepata daraja la kwanza kwenye moko. Asipopatikana, kitanda kinakwenda shule nyingine. Shule nzima hakuwepo wa kukisogelea isipokuwa Saida.

Wiki mbili kabla ya moko walikuwa kwenye marudio, Saida akanyoosha mkono.

"Madam, samahani. Wakati ule wa mdororo, korosho nazo zilianguka bei?"

Angesema ndiyo, angekuwa amempa mtoto alama, na amevujisha mtihani, na amemdanganya, yote kwa neno moja. Angesema hapana, angekuwa amemchimbia shimo. Angesema tutaangalia baadaye, Saida angekuja baadaye, ndivyo alivyo. Darasa zima lilikuwa linasubiri. Elizabeti akasema lile ambalo angelisema mwaka wowote mwingine.

"Korosho ilikuwa bado haijawa biashara, Saida. Kilichoanguka kwetu huku ni mkonge, na enzi hizo hata bandari ya Mtwara haikuwepo. Kahawa na pamba nazo, kwenye mikoa mingine."

Saida aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini kwa rula. Elizabeti aligeukia ubao ili wasimwone uso.

Usahihishaji ulifanyika katika ukumbi wa shule moja mjini. Kila meza ina swali lake: karatasi inapita kutoka meza hadi meza, na msahihishaji anasahihisha swali lilelile moja siku nzima, mamia kwa mamia, mpaka anaweza kuona hoja sita akiwa amefumba macho. Elizabeti alipangwa meza ya insha yake mwenyewe, pamoja na Innocent. Karatasi za shule yake hakuruhusiwa kuzishika. Siku ya pili Innocent alicheka.

"Jamani, huyu kaja kubishana na mtihani! Sikieni. Anasema swali lina kosa, mwaka 1931 korosho haikuwa ikiuzwa nje na bandari ya Mtwara haikuwepo, kwa hiyo yeye atamjibu kibarua wa mkonge."

Elizabeti alinyoosha shingo. Ule mwandiko aliujua, herufi zilizoinamia kushoto, mistari ya rula. Saida alikuwa ameandika kurasa tatu. Alieleza vizuri jinsi Marekani ilivyoacha kukopesha na kununua, viwanda vya Ulaya vikapunguza kazi, wanunuzi wa kamba za mkonge wakakosekana, mashamba yakaachisha vibarua. Alieleza serikali iliyokuwa inadai kodi ileile huku ikiwahimiza watu walime zaidi, ili wauze vingi kwa bei ya chini. Elizabeti hakuwahi kuona jibu zuri namna ile kwa mtoto wa kidato cha nne.

"Mpe alama zake, Innocent. Hoja zote zimo."

"Zimo wapi? Mwongozo unataka mkulima wa korosho. Huyu kabadili swali. Aliyejibu swali lake mwenyewe anapewa za utangulizi tu. Mbili." Akaandika mbili, akasukuma karatasi.

Elizabeti akamfuata Mwalimu Stefano, msimamizi wa meza za Historia, nje, chini ya ukuta wenye kivuli, akamweleza yote. Stefano hakutania safari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Niliuliza watu baada ya siku ile," alisema. "Ulikuwa sahihi, Madam. Nilikosea."

"Basi turekebishe mwongozo."

"Tumeshapitisha karatasi zaidi ya elfu moja. Waliotaja korosho tumewapa alama. Nikikubali kosa leo, swali zima linafutwa, na wale elfu wanapoteza kumi na tano zao kwa kujibu tulichowauliza sisi. Nichague mmoja au elfu?" Akafungua faili, akaonyesha sahihi sita kwenye mwongozo. Ya tatu ilikuwa ya Elizabeti, nzuri, yenye mkia mrefu. "Ungeng'ang'ania siku ile, ningekusikiliza. Nilikuwa natania tu."

Elizabeti alirudi mezani akasahihisha korosho mpaka jioni, akitoa alama kwa kila mtoto aliyeandika kitu ambacho hakikutokea.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu. Saida alipata sitini na mbili kwenye Historia, na kwa sitini na mbili alama ni C. B inaanzia sitini na tano. Daraja la kwanza linaishia pointi kumi na saba. Yeye akawa na kumi na nane; ile B moja ingemshusha hadi kumi na saba. Kitanda kikaenda shule nyingine, na mkuu wa shule akasema bahati mbaya, akaendelea na shughuli zake.

Saida alikuja ofisini wakati wa mapumziko, karatasi yake ya mtihani mkononi, daftari kwapani.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Saida."

"Nilikuwa nauliza, hapa nimekosea wapi?"

Elizabeti alitazama ile mbili nyekundu. "Hujakosea, mwanangu. Waliokosea ni sisi watunzi. Mimi nilikuwemo, na nililijua kosa."

Msichana hakulia, wala hakuonekana kushangaa. Alionekana anapiga hesabu. "Sasa wanaweza kunirekebishia?"

"Nimewaomba. Haiwezekani."

"Aa." Akakunja karatasi ya mtihani. "Na mtihani wa taifa nikiulizwa hivi, niandike nini?"

Miaka tisa Elizabeti aliwaambia watoto waandike kilichotokea. Alifikiria zile saa mbili za kuja na saa mbili za kurudi, vyombo na moto wa kuni. Akafungua mdomo kusema ukweli, akasikia sauti yake ikisema kitu kingine.

"Andika wanachouliza."

Saida alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi mzuri anavyofanya. Aliweka daftari juu ya meza ya Elizabeti, akafunua ukurasa wa marudio, akatoa rula. Alikata neno mkonge kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika korosho, akapuliza wino ukauke. Elizabeti alikaa palepale, rula ikiwa karibu na mkono wake, na hakumzuia.

"Ahsante, Madam," alisema Saida, akarudi darasani.