Ukingo wa Kaunta ya Bi Zaituni

Mchwa ndio walioleta balaa lote. Walikula milango ya makabati ya jikoni kwa Bi Zaituni polepole, kimyakimya, hadi siku mlango mmoja ulipomng'okea mkononi. Hanif, mwanawe, akasema basi, makabati yatengenezwe upya na ukuta upakwe rangi. Kila mtu nyumbani akafurahi isipokuwa mwenye jiko.

Haya, na kwa nini asifurahi? Kwa sababu Bi Zaituni alikuwa haoni vizuri, na hakuna aliyejua. Si kwamba alikuwa kipofu, la. Aliona uso wa mtu, aliona gari barabarani. Lakini vitu vya rangi moja vilikuwa vimeanza kumezana mbele yake, kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe kikawa hakipo. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, akaishia kukaa kitandani akilishwa kwa kijiko. Bi Zaituni hakukisahau kile kijiko.

Jikoni alikuwa salama bado, na sababu ilikuwa kaunta. Kaunta ile ya terazo aliimwaga marehemu mumewe, Mzee Abdulghani, kwa mikono yake, nondo zake zikiwa zimeingia ndani ya ukuta. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, na vipande vya mawe ndani yake, vingi vya krimu, vichache vya kahawia na vya kijani kizito. Kuivunja ni kuvunja ukuta na sinki, tena nani angethubutu. Chini yake yale makabati ya zamani yalikuwa ya kahawia, karibu meusi. Basi pale terazo ilipoishia na kabati kuanzia, Bi Zaituni aliona mstari. Akitua sufuria, anaitua nyuma ya mstari. Maisha yake yote ya jikoni yalikuwa yameshikwa na mstari ule.

Sasa mkewe Hanif, Faiza, alikuwa na jicho la rangi. Kabla ya kuolewa aliuza rangi katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, na mambo hayo aliyajua kwelikweli.

"Kaunta haibadiliki, Mama," alisema. "Kwa hiyo tunaanza na kaunta. Kabati na ukuta tunazichagua pamoja, si moja leo na ingine kesho, na zote zinatoka ndani ya hii terazo. Angalia, hii krimu ndiyo imejaa. Tukiweka kabati krimu na ukuta krimu hafifu zaidi, jiko litafunguka. Litakuwa kubwa!"

"Krimu inashika moshi," Bi Zaituni akasema.

"Rangi ya mafuta inapanguswa tu na kitambaa."

"Kahawia ilikuwa na ubaya gani?"

"Aiya, Mama Hanif," Wambua akacheka. Huyu alikuwa fundi aliyetoka Wamunyu, seremala na mpaka rangi pia. "Hiyo kahawia ilikuwa inafanya hapa kama ndani ya kaburi. Mimi niko na krimu moja safi, utaipenda."

Kaburi! Bi Zaituni alitaka kumtukana. Angesema nini? Akisema ukweli, Hanif angemtoa jikoni siku hiyo hiyo, kwa mapenzi mema, na kumkalisha sebuleni kama mgonjwa. Akageukia sufuria zake.

Wambua akapaka mbao mbili za kujaribia na kuziacha zikauke. Kesho yake Faiza akaziegemeza, moja wima mbele ya kabati, moja ukutani nyuma ya kaunta. Maana rangi, alisema, haichaguliwi kwenye kikaratasi cha dukani. Iwekwe palepale itakapokaa, ishikane na jiwe, itazamwe asubuhi na jioni na taa ikiwa imewashwa. Kisha akatoka kuanika nguo.

Bi Zaituni alikuwa amechemsha maji ya chai. Akashika sufuria kwa kitambaa, akageuka kuitua mahali anapoitua kila siku.

Mstari haukuwepo.

Mbele yake kulikuwa na weupe mtupu, kutoka ukutani hadi chini. Akaitua sufuria pale alipodhani ni kaunta. Nusu yake ilikaa, nusu ikawa hewani. Ikapinduka, ikaangusha na ubao. Maji yote yakamwagika juu ya mkeka ambao Layla, mtoto wa Faiza, alikuwa ametoka kutambaa juu yake muda huo huo akifuata kifuniko kilichoviringika. Mkeka ukafuka mvuke. Mtoto akageuka kutazama, akacheka.

Faiza aliingia mbio, akamnyakua mwanawe, akampapasa miguu, mikono, kichwa. Hakuungua popote. Akaangalia ubao ulioanguka sakafuni, akaanza kulia.

"Ni mimi, Mama. Ubao ulikuwa umesimama vibaya, ukakupiga. Nisamehe, wallahi ni makosa yangu."

Njia ya kuponea ilikuwa imefunguliwa. Bi Zaituni aliiona vizuri kuliko alivyoona kitu chochote siku ile. Anyamaze tu, lawama ipokewe na ubao. Lakini keshokutwa Wambua angepaka, na weupe ule ungebaki pale kila asubuhi, na mtoto yule angekuwa anatambaa chini yake.

"Si ubao," akasema. "Faiza mwanangu, mimi sioni. Sikuona kaunta inaishia wapi."

Faiza akajifuta machozi, akamfunga mtoto mgongoni, akamwita Wambua.

"Lete kijani kizito. Na kahawia. Na kila kitu uko nacho."

Walishinda na mbao siku nzima. Faiza alimsimamisha mama mkwe mlangoni, akawa anabadilisha. "Unaona ukingo?" Kijani kizito, kile cha vipande ndani ya terazo, kikawekwa kwenye kabati na mstari ukarudi, mkali. Kwa furaha wakajaribu kijani hicho hicho na ukutani. Jiko likawa giza, hata kijiko hakikuonekana kilipo. Wakajaribu nyeupe ukutani: mwanga ukaja, ila kaunta na ukuta vikaungana kwa nyuma, na Bi Zaituni akagongesha kikombe. Hatimaye kwa ukuta wakapata rangi ya chungu cha udongo, hafifu, iliyotoka kwenye mawe ya kahawia. Ilikuwa nzito kuliko kaunta, nyepesi kuliko kabati. Zote walichagua zisizong'aa, maana za kung'aa zilirudisha mwanga wa dirisha na kumpofusha.

"Hata ni nzuri," Wambua akakubali, akijikuna kichwa.

Daktari alipomwona alisema ni presha ya macho. Dawa ya matone itazuia isizidi, Mungu akipenda, lakini kilichopotea hakirudi. Hanif alitaka kumkataza jiko. Faiza akaweka sharti: kila asubuhi Mama asimame mlangoni, atazame mstari. Akiuona, jiko ni lake. Asipouona, atasema mwenyewe. Bi Zaituni akaapa.

Mwaka ukapita vizuri. Kila asubuhi Faiza aliuliza, "Upo?" na Bi Zaituni akajibu, "Upo, alhamdulillahi," akaingia kukanda unga.

Asubuhi moja akasimama mlangoni, akatazama. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa. Kijani na terazo vilikuwa kitu kimoja cha kijivu. Akapepesa macho, akatazama tena.

"Upo?" Faiza akauliza kutoka jikoni, birika likichemka.

Ulimi ulikuwa tayari kusema upo. Akajua angeweza, na wangemwamini. Layla, aliyekwisha kuanza kutembea, akapita mbio katikati ya miguu yake kuelekea jikoni.

"Mshike mtoto," Bi Zaituni akasema. "Haupo." Akafungua leso ya kupikia aliyojifunga kiunoni, akainyoosha mbele yake mpaka mkono wa Faiza ulipoipokea.