Koti Lililokataa Kutulia

Tik. Ukafuata mlio wa kitu kidogo kikiviringika sakafuni, kikagonga mguu wa kitanda, kikazunguka palepale na kunyamaza. Nje hakujapambazuka bado. Mshonaji hakuhitaji taa kujua ni nini. Mtu aliyezoea vifungo huvijua kwa mlio, na hiki kilikuwa kikubwa, cha plastiki nzito, chenye matundu manne.

"Chiriku," aliita kwa sauti ya chini. "Toa mkono kwenye kopo langu."

Binti yake wa miaka mitano, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alijibu kwamba hakushika kopo, kopo ndilo lililomshika. Mshonaji alicheka bila kutaka, akawasha taa. Kifungo kilikuwa cha kijani, kimoja kati ya sita vilivyokaa humo miaka bila kupata nguo ya kuvikubali. Alimwambia mtoto akirudishe. Chiriku alikirudisha mfukoni mwake.

Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia koti. Hata kwenye mwanga ule hafifu lilikuwa linapiga kelele: kitambaa cha pamba cha manjano, ndege wekundu wakubwa kama sinia, majani ya bluu, mistari myeusi. Mama yake mshonaji alikinunua mwenyewe. Alikuwa amefagia na kupiga deki wodi za hospitali kwa miaka thelathini na moja, ndani ya yunifomu ya rangi ya majivu, na Ijumaa hiyo angeagwa kwa kustaafu pamoja na wenzake watatu. Mkuu wa wodi alikuwa ameshawapitishia neno: waje na mavazi ya heshima, rangi zilizotulia. Jioni ileile mama aliingia dukani akatoka na ndege.

Mshonaji alikuwa ameshalikata koti na kulishikiza kwa mshono mpana wa mkono, mwili pamoja na bitana, kile kitambaa cha ndani, ili mama alijaribu kabla ya cherehani kupita. Bitana ilikuwa nyeusi. Ndivyo ilivyofanyika kwenye karakana alikofanya kazi. Mwenye karakana alikuwa fundi wa siku nyingi, mkono safi kabisa, na mafundi wake walimwita Mzee Nyeusi pale tu alipokuwa hasikii. Ukimuuliza kitambaa chenye maua kiwekwe bitana gani, atasema nyeusi. Uzi? Mweusi. Vifungo? Bado unauliza? Kitambaa chenye fujo, alisema, lazima kikemewe.

Mama alifika kukiwa ndiyo kwanza kunakucha, njiani kwenda zamu. Alivua sweta, akaingiza mikono, akasimama mbele ya kioo. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Chiriku aliyekuwa anasubiri kupiga makofi alibaki na mikono hewani.

Kitu kilikuwa kimekufa. Mshonaji alikiona sekunde ileile. Pamba ilikuwa nyepesi, na weusi wa chini ulikuwa umepanda juu. Manjano yamekuwa kama maji ya tope, ndege wamekuwa kahawia. Mahali pekee koti lilipong'aa bado ni kwenye ukosi, ambako hapakuwa na bitana.

"Umenirudishia yunifomu," mama alisema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Mshonaji alianza kujitetea: ndivyo tunavyoshona, nyeusi haichafuki, halafu mkuu wa wodi… Mama alimkata kauli. Alimkumbusha siku aliyomleta Chiriku hospitalini, mtoto akiwa na miaka mitatu, akakimbia kwenye korido akamkumbatia mfagizi mwingine miguu, akimwita Bibi. Alipoinua uso akaona si yeye, alilia mpaka wagonjwa wakaamka. Watu walicheka, mama naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda kusimama stoo, kati ya mifagio na ndoo, mpaka macho yakakauka.

"Mjukuu wangu hakunijua, mwanangu. Sisi kule tunafanana kama ndoo." Alivua koti akaliweka kitandani taratibu, asivunje mshono. "Ijumaa ni siku moja. Sitaki kufanana na mtu."

Alipoondoka, mshonaji alikaa na koti mapajani. Aliijua sababu, na haikuwa desturi ya karakana peke yake. Aliogopa mama yake kuchekwa. Alitaka kumfunika kidogo, tena kwa upendo, na kumbe watu kwa miaka thelathini na moja walikuwa wanafanya hivyohivyo bila upendo. Akachukua wembe wa kufumulia.

Bitana nyeusi ilikuwa imetoka yote kabla Chiriku hajamaliza chai. Mshonaji akatoa mfuko wa vipande na kusimama mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa hudanganya rangi. Aliweka kipande kimoja kimoja nyuma ya kitambaa. Nyeupe iliacha manjano yalivyo, lakini baridi. Bluu iliyageuza kuwa na kijanikijani cha mtu mgonjwa. Nyekundu ilimvutia sana mpaka alipoilowanisha kwa maji ya sabuni, akaifunika kwa kitambaa cheupe na kuipiga pasi. Cheupe kikatoka na waridi. Bitana hiyo ingemwaga rangi kwapani mwa mama kabla hotuba hazijaisha.

Kisha akaweka rangi ya chungwa, akaipitisha kwenye maji na pasi, nayo haikumwaga hata tone. Nyuma ya kitambaa, manjano yalipata joto, kama mtu ameyawashia jiko. Ndege wakarudi.

Kilichobaki kilikuwa vifungo. Vyekundu vilimezwa na ndege, vya bluu vikapotea majanini. Chiriku, aliyekuwa chini ya meza akichezea ukingo wa kitambaa, alikuwa anahesabu. Kwenye ukingo, pale ambapo kiwanda huacha ushahidi wa rangi zake, palikuwa na vidoti vimepangwa mstari: manjano, nyekundu, bluu, nyeusi na cha tano kijani. Mshonaji alikuwa amekata kitambaa hicho siku mbili bila kuona kijani popote. Walikitafuta pamoja, mama na mwana, pua zikigusa pamba, mpaka wakakipata. Kilikuwa kwenye jicho la ndege, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

Chiriku akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifungo, akakiweka juu ya kitambaa. Mshonaji alirudi nyuma hatua tatu. Kifungo kilikuwa kinamwangalia.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani nne na meza moja ya kukatia. Mzee Nyeusi alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, miwani kwenye paji la uso. Alipoona bitana ya chungwa ikitoka mfukoni, miwani ilishuka yenyewe. Aliuliza kama ni koti au ni maandamano. Mafundi wengine waliinamisha vichwa juu ya kazi, mabega yakitikisika.

Mshonaji alimweleza kwa adabu. Aliinua kitambaa dirishani, nyeusi nyuma ya upande mmoja, chungwa nyuma ya mwingine. Mzee aliangalia muda mrefu, na jicho lake lilikuwa jicho la fundi, lilikuwa limeona. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea. Alisema mteja wa namna hiyo huvaa mara moja akachekwa, na kicheko humfuata aliyeshona. Akafungua droo akaonyesha lebo za karakana, zenye jina lake kwa nyuzi za dhahabu.

"Binti, likitoka hapa na vifungo hivyo, lebo yangu haikai humo."

Mshonaji hakuwahi kumjibu mzee huyu zaidi ya ndiyo na sawa. Kila alichokijua kuhusu kola kilitoka mikononi mwake. Alimwangalia, akaona kwamba heshima yake kwa mzee haijapungua hata kidogo, na kwamba hilo halibadilishi kitu.

"Basi isikae, Mzee."

Cherehani zote zilisimama. Kisha ya kwake ikaanza.

Alivuta uzi mmoja mmoja kutoka kwenye rola na kuulaza juu ya kitambaa, maana uzi ukiwa kwenye rola hujifanya mzito, ukiwa peke yake hufifia. Akachagua manjano iliyozidi kidogo ile ya kitambaa. Mweusi ungekuwa kovu juu ya kila mshono. Chini ya sindano, kwenye kirola cha bobini, akaweka uzi wa chungwa, ili mshono wa ukingoni uonekane wa manjano kwa nje na wa chungwa kwa ndani. Hapo ndipo penye mtego: mvutano wa nyuzi ukikosewa, vitone vya chungwa huchungulia juu kama upele. Alijaribu kwenye kipande, akakaza skrubu, akajaribu tena, akalegeza kiasi cha unywele. Mara ya nne ikakubali.

Vitundu vya vifungo angeweza kuvificha kwa uzi wa manjano. Alivizungushia kijani. Kama ni kuonekana, vionekane.

Alhamisi jioni, mshonaji akilikunja koti, Mzee Nyeusi alikuja mezani bila kuitwa. Aligeuza ukingo wa mbele, akaukagua urefu wote kwa kidole, akitafuta kitone cha chungwa. Hakupata. Akageuza nyuma, akatafuta cha manjano. Hakupata.

"Mvutano umeuweka sawa," alisema, akarudi kwenye kiti chake. Droo ya lebo haikufunguka, na mshonaji hakuiangalia.

Ijumaa, ukumbi wa hospitali ulijaa mpaka ukutani. Wauguzi kwa nyeupe, wafagizi kwa majivu, wakubwa kwa suti nyeusi kama usiku wa manane. Mshonaji alipata nafasi nyuma kabisa, Chiriku kiunoni, na wote mbele yao wakasimama mara mlango wa upande wa pili ulipofunguliwa. Mtoto alilalamika haoni. Mama yake alimpandisha begani, moyo ukimdunda kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Waagwa waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza, bluu nzito. Wa pili, kahawia. Wa tatu, bluu nzito tena. Halafu ukumbi ukafanya sauti moja, kama pumzi iliyovutwa na wote. Mtu fulani alicheka puani. Mkuu wa wodi alikunja midomo akatazama karatasi yake.

Mama hakuharakisha. Katikati ya ukumbi alisimama, akafungua vifungo vitatu vya chini, kwa sababu kulikuwa na joto na kwa sababu alitaka, na aliponyanyua tena mguu, chungwa ikawaka ubavuni mwake. Yule aliyecheka hakucheka tena. Mshonaji alihisi kisigino kidogo kikimpiga kifuani na mkono ukinyooka juu ya kichwa chake.

"Bibi yangu ni yule pale," alisema Chiriku.