Bundi wa Stoo ya Shule

"Mimi hata mkinitegea mtego wa panya, natoka na chambo mkononi," Lusekelo aliwatambia wenzake wa Kidato cha Pili wakitoka nje kwa kipindi cha baiolojia. "Bado hajazaliwa wa kunikamata."

Wenzake walicheka. Yeye alicheka kwa sauti kuliko wote, maana alikuwa na la kuficha.

Yule bundi aliyezoea kulala kwenye kenchi za paa la stoo ya chakula alikuwa haonekani tena. Shule nzima hapo Idodi ilisema kahama. Lusekelo peke yake ndiye aliyejua kwamba kafukiwa nyuma ya jiko. Bundi alikuwa akilia juu ya bweni, wavulana wakijifunika mashuka hadi kichwani, ndipo mchana mmoja Lusekelo akachukua manati. Jiwe moja tu. Mkono ule wa shabaha aliupata kwao Igawa, akiamia ndege kwenye mpunga wa baba yake. Mkuu wa shule alishaonya kwamba atakayemgusa yule ndege ataitiwa mzazi. Na baba naye alishaapa: "Wakiniita tena, begi lako nalibeba mimi mwenyewe. Ndege wa mpunga wanakusubiri."

Madam Severina aliwapanga duara chini ya mkaratusi, akagawa kadi. Tumpe akapata mahindi, Yotamu nyoka, Frida bundi. Wengine wakawa panzi, chura, mwewe. Lusekelo akapewa panya.

"Sura imeendana na kadi," Yotamu alisema.

"Wewe nyoka nyamaza, chakula chako ni mimi!"

Kila anayeliwa na anayemla walishika ncha mbili za kamba moja. Kamba ya panya ilienda kwa mahindi, nyingine kwa nyoka, nyingine kwa mwewe, nyingine kwa bundi. Lusekelo akajikuta katikati kama mbuzi aliyefungwa na watu wanne.

"Hakuna kuachia mpaka niseme," Madam alisema. "Sasa tunamtoa mmoja. Nani?"

"Nyoka!" Lusekelo aliwahi.

"Bundi, Madam!" darasa likamzidi kelele. "Ndege wa mkosi huyo!"

"Haya. Bundi, umekufa."

Frida aliachia kamba, akajilaza kwenye nyasi, akafumba macho. Ile kamba ikaanguka miguuni pa Lusekelo. Akaitazama kama vile ni nyoka wa kweli.

"Panya mmoja aliyekuwa aliwe na bundi, leo haliwi," Madam alisema. "Anazaa. Wanawe nao wanazaa."

Akaongeza panya wawili, kisha wengine wawili, wote kando ya Lusekelo, kila mmoja na kamba yake kwa Tumpe. Kamba zikapita tumboni kwake, zikapita kwapani.

"Madam, nyoka si yupo?" Lusekelo aliuliza.

"Yupo. Lakini nyoka mmoja atameza panya wangapi? Na hazai haraka kama wao. Panya, vuteni!"

Wakavuta. Tumpe akayumba, akaangukia magoti. "Mahindi yamekwisha, jamani!" Panzi aliyemtegemea akaketi. Chura aliyemtegemea panzi akafuata.

"Na panya?" Madam aliuliza.

"Watashiba," Yotamu akasema.

"Kwa muda. Mahindi yakiisha, wataanza kufa njaa. Sasa niambieni, stoo yetu ikoje wiki hii?"

Wote walijua. Magunia yalikuwa yametobolewa, ugali wa mchana umekuwa uji, na mzee Bartholomeo, mtunza stoo, alishaitwa ofisini kuulizwa mahindi anayapeleka wapi.

"Kumbe mzee wa watu haibi," Tumpe alisema taratibu. "Ni panya, kwa sababu bundi hayupo. Sasa bundi alikwenda wapi?"

"Kahama!" Lusekelo alijibu haraka. "Bundi si huwa wanahamahama? Labda kaenda mbugani, huko Ruaha, kwa ndugu zake."

Alicheka peke yake. Alitaka kurudi nyuma, kamba zikamrudisha.

Pale kwenye nyasi Frida akafumbua jicho moja.

"Madam, marehemu anaruhusiwa kusema?"

Darasa likaangua kicheko. Madam naye akatabasamu. "Sema, marehemu."

Frida akaketi, akakung'uta nyasi kwenye sweta. Hakuwa anacheka.

"Mimi sikuhama. Siku ile Frida alikuwa anateka maji bombani, nyuma ya stoo. Aliona jiwe, akaniona nikidondoka. Alinyamaza kwa sababu alidhani ni ndege tu." Akanyoosha kidole. "Aliyeniua huyo hapo, panya wa kwanza. Manati iko mfuko wa nyuma."

Mkono wa Lusekelo ulikimbilia mfukoni. Haukufika, kamba ziliudaka njiani. Akajaribu kutoka, panya wote wanne wakayumba naye, Tumpe akaburutwa kwa magoti, na yeye akabaki palepale katikati.

"Usiachie kamba, panya," Madam Severina alisema polepole, akitoa simu. "Nitajie kwanza namba ya mzee wako wa Igawa."