Udongo wa Kichuguu

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, Robi alishikwa na kizunguzungu akaanguka shambani, Kenyamonta. Mama mkwe akacheka: "Mla udongo wewe! Sema tu una mimba."

Mwaka mzima Robi alikuwa akichoka na kutafuna udongo wa kichuguu. Hedhi yake ilitoka kwa mabonge, siku tisa kila mwezi. Mama mkwe alisema wanawake wa boma lile ndivyo walivyo.

Kwenye zahanati, muuguzi Faudhia alimfunua kope, akakuta weupe badala ya wekundu. Mimba haikuwepo. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma sita, badala ya kumi na mbili.

"Mama, hamu ya udongo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Hedhi inakumaliza. Vidonge vitasaidia, na huenda ukaongezewa damu, lakini lazima chanzo kijulikane. Nenda hospitali leo, upigwe picha ya kizazi."

Hospitalini, picha ilionyesha uvimbe wa kizazi unaotibika.

"Kezia naye alikula udongo," mama mkwe aliyemsindikiza akanong'ona.

Kezia, bintiye, walimzika Desemba iliyopita wakidai amerogwa. Robi hakuweza kuufurahia uzima wake. Alimlilia wifi yake.

Msomaji, mfikishie habari hii mwanamke unayemwona akitafuna udongo.